Wodi ya mita 24: meza ya wauguzi ikae wapi, vitanda viachane kiasi gani, na wa kutengwa walale upande gani

Mtu anayepanga wodi huvutwa na mambo matatu. Muuguzi anataka kumwona kila mgonjwa bila kuinuka kitini. Mganga mkuu anataka vitanda vingi iwezekanavyo. Anayeshughulikia maambukizi anataka mgonjwa wa kifua kikuu au surua akae mbali na wengine, hewa yake isiwafikie. Ukimridhisha mmoja kabla ya kuwasikiliza wengine, wawili waliobaki watalipa. Ndiyo maana ni kawaida kuikuta wodi yenye meza nzuri ya wauguzi mlangoni, vitanda vimepangwa kama magunia ghalani, na chumba cha kutengea wagonjwa kimebanwa kwenye kona iliyokosa matumizi.

Tuchukue jengo moja tulipange mpaka mwisho. Ni wodi ya watu wazima katika hospitali ya wilaya ya mwambao, tuseme kati ya Lindi na Lamu. Haina mitambo ya hewa. Inategemea madirisha na upepo. Ukumbi wake una urefu wa mita 24 kutoka mashariki hadi magharibi na upana wa mita 7.2 kwa ndani, kwa hiyo kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na jua la asubuhi na la jioni halimpigi mgonjwa usoni. Umbo hili si geni. Florence Nightingale alilitetea katika maandishi yake ya mwaka 1859: ukumbi mrefu mwembamba, madirisha yanayotazamana pande mbili, safu mbili za vitanda na njia katikati. Wodi nyingi kongwe za Afrika Mashariki ni watoto wa wazo hilo.

Anza na upepo

Wengi huanza na vitanda. Ni afadhali kuanza na chumba cha kutengea wagonjwa, kwa sababu vitanda na meza vinaweza kusogezwa baadaye lakini chumba kikishajengwa upande mbaya kimejengwa.

Kwanza tutenganishe aina mbili za kutengwa, maana zinahitaji vitu tofauti kabisa. Mgonjwa wa kipindupindu, au mwenye kidonda chenye vijidudu sugu, huambukiza kwa mikono, vyombo na choo. Anahitaji choo chake na sinki lake. Upepo unavuma wapi si hoja kubwa. Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu, surua au tetekuwanga huambukiza kwa chembe ndogo zinazoelea hewani. Huyu hahesabiwi kwa mita kutoka kitanda hadi kitanda, kwa sababu chembe hizo husafiri popote hewa inapokwenda. Kinachomtenga ni mwelekeo wa hewa, wingi wake na mlango uliofungwa. Tunayempangia hapa ni huyu wa pili.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa, na ndizo zinazotuchorea ramani. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Septemba au Oktoba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Novemba hadi Machi. Mwelekeo unageuka, lakini tazama vizuri: zote mbili zina asili ya mashariki. Kwa hiyo ncha ya magharibi ya wodi iko upande wa demani, upepo unakokwenda, msimu huu na ule. Chumba cha kutengea kikae huko. Kikiwekwa ncha ya mashariki, mlango unapoachwa wazi hewa ya mgonjwa mmoja itapita juu ya vitanda vyote 18 tutakavyoishia navyo kabla ya kutoka.

Kuna kasoro katika mpango huu na haifai kuificha. Usiku na alfajiri mara nyingi bahari hutulia na upepo mwepesi wa umande huja kutoka bara, yaani kutoka magharibi. Saa hizo ncha yetu ya demani inageuka kuwa ya mbele. Kwa sababu hiyo vyumba vya kutengea havishikani na ukumbi. Kati yao tunaacha ujia wa mita 3 wenye paa lakini usio na kuta, kusini wazi na kaskazini wazi, ili hewa yoyote inayovuja ichukuliwe nje kabla ya kufika wodini.

Vyumba viwe viwili, kimoja nyuma ya kingine kuelekea magharibi, choo kikiwa katikati yao. Kila kimoja kiwe na mita 3.6 kwa 4, na dari ya mita 3. La lazima ni kwamba kila chumba kiwe na dirisha kusini na jingine kaskazini. Mchoraji akivipanga ubavu kwa ubavu, kimoja kusini na kingine kaskazini, kila kimoja kitabaki na pande mbili tu zinazogusa nje, nazo zimepakana kwenye kona. Wakati wa kusi, kile cha kaskazini kitakuwa na madirisha yote upande ambao upepo haugongi, na hewa italala humo.

Mlango unafunguka kwenye baraza la kusini, kwa sababu kusi ndiyo hudumu zaidi: miezi hiyo muuguzi akiingia, hewa inatoka mgongoni kwake, inampita mgonjwa, inatokea kaskazini. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka na hewa ya mgonjwa hutokea barazani. Usiweke benchi pale, hata ndugu wakiomba kivuli. Muuguzi naye avae barakoa ya N95 kabla ya kushika kitasa, si baada ya kuingia.

Hewa kiasi gani

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu majengo yanayotumia upepo unataka lita 160 za hewa safi kwa sekunde kwa mgonjwa aliyetengwa kwa sababu ya hewa, na lita 60 kwa kila mgonjwa wa wodi ya kawaida. Mwongozo huohuo unatoa hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu:

lita kwa sekunde = 0.65 × kasi ya upepo (mita kwa sekunde) × uwazi mdogo (mita za mraba) × 1000

Neno la kushika hapo ni "mdogo". Ukifungua mita za mraba 10 kusini na mita moja kaskazini, umefungua mita moja. Hewa haiingii kwa wingi kuliko inavyoweza kutoka.

Tujaribu kwenye ukumbi wetu. Tuchukue upepo dhaifu wa nusu mita kwa sekunde, ambao huusikii masikioni. Wagonjwa 18 wanahitaji lita 1,080 kwa sekunde. Ukigawa, unapata mita za mraba 3.3 za uwazi kila upande. Ukumbi una madirisha 10 kila upande, ya mita 1.2 kwa 1.2, ya aluminiamu ya kuteleza. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, kwa hiyo kila moja linatoa mita 0.72, na yote 10 yanatoa 7.2. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya hitaji, na mchana hakuna tatizo.

Tatizo linakuja saa mbili usiku. Mbu, mvua, mgonjwa anayelalamika baridi: yanafungwa moja baada ya jingine mpaka yamebaki matatu kila upande. Sasa uwazi ni mita 2.16, na kila mgonjwa anapata lita 39. Wodi imeshuka chini ya kipimo na hakuna aliyegundua, kwa kuwa joto halikupanda. Ili kubaki juu ya 60 yanahitajika matano kila upande, na huwezi kutegemea kila zamu ya usiku iyahesabu.

Dawa yake ni uwazi usiofungika: ufa mlalo chini ya paa, juu ya lenta, urefu wote wa ukumbi, pande zote mbili. Ufa wa sentimita 15 kwa mita 24 unatoa mita za mraba 3.6, na hapo kipimo kimetimia hata madirisha yakifungwa yote. Ukiweka wavu wa mbu, na pwani utauweka, ufanye uwe wa sentimita 30, maana wavu hula sehemu kubwa ya mwendo wa hewa, na wavu uliojaa vumbi hula zaidi. Upo juu ya vichwa, kwa hiyo haumpulizi mgonjwa.

Watafiti waliopima vyumba 70 katika hospitali za Lima, Peru, na kutoa matokeo mwaka 2007, walikuta kwamba vyumba vya majengo ya kale, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa yote mara 40 kwa saa madirisha yakiwa wazi. Vya kisasa vilivyotegemea madirisha vilifika 17, na vyenye mitambo 12. Kwa hiyo anayekarabati wodi ya zamani kwa kushusha dari na kuziba matundu ya juu ili ipendeze ajue anachokiondoa.

Nafasi kati ya kitanda na kitanda

Kipimo cha chini kinachotajwa kila mahali ni mita 1 kati ya vitanda. Kipimo hicho kinatokana na matone ya kikohozi na chafya, yale mazito yanayoanguka karibu. Kinapimwa kutoka ubavu wa kitanda hadi ubavu wa kitanda. Utata ni kwamba kwenye ramani nafasi hiyo ni tupu, na wodini si tupu.

Kitanda kina upana wa sentimita 90. Tukiacha mita 1.1, kila kitanda kinachukua mita 2 za ukuta, na ukumbi wetu unapokea 12 kila upande, jumla 24. Mganga mkuu anafurahi. Sasa leta kabati la mgonjwa, sentimita 45. Zimebaki 65. Ongeza stendi ya dripu, na ndoo ya ndugu chini yake. Kiti cha magurudumu kinahitaji kama sentimita 70, hakipiti. Toroli ya dawa inaishia miguuni. Mgonjwa akizimia, wawili wanaotaka kumnyanyua hawawezi kusimama ubavu uleule, kwa hiyo wanakivuta kitanda cha jirani, na kesho asubuhi hakirudishwi pale kilipokuwa. Hivyo ndivyo mita 1.1 huwa nusu mita ndani ya wiki, bila mtu kuamua.

Tukiacha mita 1.5, kila kitanda kinachukua mita 2.4, yaani nafasi 10 kila upande. Ukitoa kabati, inabaki zaidi ya mita moja ya kufanyia kazi. Kwa upana wa jengo hesabu ni rahisi: kichwa kiachane na ukuta kwa sentimita 20 ili mtu aweze kufika nyuma, kitanda chenyewe mita 2, mara mbili, jumla 4.4. Njia ya katikati inabaki na mita 2.8, na hapo kitanda kinaweza kuvutwa na kugeuzwa bila kukwangua cha mbele.

Ili nafasi zisihame, piga alama sakafuni. Msumari wa shaba au kipande cha vigae cha rangi kwenye miguu miwili ya mbele ya kila kitanda kinafanya kazi kuliko tangazo la ukutani. Rangi ya kawaida hufutika kwa dawa za kudekia.

Wodi ikijaa, kuna desturi ya kulaza vichwa kwa zamu, mmoja ukutani na anayefuata njiani, mzungu wa nne. Kweli inaongeza umbali kati ya nyuso: vitanda vilivyobanana kwa mita 1.9 kutoka katikati hadi katikati, nyuso zinafika karibu mita 2.5. Lakini nusu ya wagonjwa sasa vichwa vyao viko njiani, penye toroli na miguu ya watu, na muuguzi anaona nyayo badala ya uso. Ni ya dharura tu. Na pale wagonjwa wawili wanapolala kitanda kimoja, kumbuka kwamba hesabu ya hewa ni ya vichwa: lita 60 zimekuwa 30.

Meza ya wauguzi

Sasa ndipo meza inaingia, ikiwa ya mwisho.

Ikiwekwa mlangoni, ncha moja ya ukumbi, mgonjwa wa mwisho yuko mita 23 mbali. Umbali huo unamwona mtu akianguka. Humwoni akihema kwa shida. Kibaya zaidi ni pembe. Kutoka nchani unatazama safu ya vitanda kwa ubavu, na kila kitu kilichosimama kati ya vitanda kinaficha kinachofuata. Weka kizigeu cha mita 2 kutoka ukutani, kirefu kuliko mtu, na kwa jengo hili utaona nyuso zilizo ndani ya mita 2.5 tu za urefu wa ukumbi kutoka ulipokaa. Yaani kitanda cha kwanza kila upande.

Watu hudhani kizigeu kifupi cha mita 1 kinaokoa jambo. Hesabu inakataa. Uso wa mgonjwa aliyelala uko kama sentimita 70 kutoka sakafuni. Jicho la muuguzi aliyekaa, kama mita 1.2. Mstari kutoka jicho hadi uso wa mgonjwa aliye mita 6 mbali unapita juu ya kizigeu kwa kimo cha sentimita 80. Kizigeu kina 100. Hata akisimama haoni. Faragha itafutwe kwa mapazia ya reli yanayovutwa wakati wa kumhudumia mgonjwa na kurudishwa ukutani yote mara kazi ikiisha.

Meza yetu inakaa katikati ya urefu, kwenye safu ya kaskazini, ikichukua nafasi mbili za vitanda. Tumepoteza viwili, vimebaki 18, na hakuna aliye zaidi ya mita 12 au 13 kutoka kwa muuguzi. Ila meza isirudi nyuma mpaka mstari wa vitanda. Ikirudi, safu ya kusini itaonekana vizuri na ya kaskazini haitaonekana kabisa, maana muuguzi yuko ndani ya safu hiyohiyo. Isogezwe mbele sentimita 80 kuingia njiani. Njia inabaki na mita 2, na inatosha kupitisha kitanda, kwa sababu mbele ya meza hakuna kitanda kinachogeuzwa.

Kimo cha meza ndicho kinachoharibiwa mara nyingi na fundi seremala mwenye nia njema, anayejenga kaunta ya mita 1.1 kama ya benki. Muuguzi akikaa, jicho lake liko sentimita 10 tu juu ya ukingo ulio mbele yake kama sentimita 60. Nyuso zote zilizo karibu kuliko mita 3 zimefichwa. Panga mafaili juu ya kaunta, basi hata mita 12 hazionekani. Jenga meza ya sentimita 75, mafaili yakae kwenye rafu nyuma ya muuguzi.

Vitanda vinne, viwili ng'ambo ya meza na kimoja kila ubavu wake, ni vya waliotoka upasuaji, waliopoteza fahamu na wanaotumia oksijeni. Wanaotembea walale nchani. Choo kiwe ncha ya mashariki, na mzee dhaifu anayeamka usiku alazwe upande wa magharibi wa meza, ili safari yake ya chooni impitishe mbele ya muuguzi. Akilazwa karibu na choo kwa huruma, ataanguka mahali asipoonekana.

Chandarua hakionekani kwenye ramani, ila kinafuta kila mstari tuliouchora. Cha pembe nne kikishushwa saa moja jioni, wodi nzima inakuwa safu za mahema meupe, na taa ya darini ikiwaka muuguzi anaona kitambaa kinachong'aa, si mtu. Dirisha na ufa wenye wavu mzima hupunguza hitaji la chandarua kila kitanda. Pasipowezekana, taa ndogo ya ukutani kichwani mwa kila mmoja wa wale wanne, ndani ya chandarua, inamwangaza mgonjwa kutoka upande wake, na kivuli chake kinaonekana kupitia kitambaa.

Aliyetengwa anaonwaje?

Hapa mvutano haujaisha, umepunguzwa tu. Tumemweka mbali kwa ajili ya hewa, na kuta zimemficha. Kwenye ukuta wa magharibi wa wodi, usawa wa njia ya katikati, weka kioo kisichofunguka kuanzia sentimita 80 kutoka sakafuni. Weka kingine ukuta wa mashariki wa chumba cha kwanza, na kitanda chake kikae kwenye mstari huo. Kutoka mezani ni kama mita 17. Muuguzi ataona kama mgonjwa yuko kitandani au chini, basi. Mwenye hali mbaya alazwe chumba hicho na afuatwe kwa saa, pamoja na kengele ya kuvuta. Chumba cha pili hakionekani kabisa, kwa hiyo ni cha anayejiweza.

Rwanda, hospitali ya Butaro iliyofunguliwa mwaka 2011 iliondoa korido za ndani kwa hofu hiyohiyo ya kifua kikuu: watu hupita nje barazani, na vitanda huegemea ukuta mfupi katikati ya wodi, nyuso zikitazama madirisha. Mgonjwa anapata mandhari ya milima. Ila anayeiga ukuta huo wa katikati akumbuke hesabu ya kizigeu: muuguzi aliyekaa upande mmoja hawaoni wa upande wa pili.

Kupima kama kazi imekubali

Washa kijiti cha udi, funga mlango wa chumba cha kutengea, kisogeze kwenye ufa wa chini wa mlango ukiwa barazani. Wakati wa kusi moshi uingie ndani. Kisha rudia ukiwa ndani, karibu na dari, pembeni mwa ukuta unaotenganisha vyumba viwili. Moshi ukinyonywa kuelekea kwenye maungio ya dari, ukuta umeishia kwenye ubao wa dari na haukufika kwenye bati, kosa la kawaida sana la kuokoa matofali: hewa inapanda, inapita juu ya ukuta, inashuka kwa jirani. Panda darini ujionee mwanga, kisha ukuta ukamilishwe mpaka juu.

Fanya jaribio hilo mchana, lifanye tena saa kumi alfajiri upepo wa bara unapovuma, na urudie kaskazi ikiingia. Katika ujia wa mita 3 moshi unatakiwa ukatike kwenda nje pembeni. Ukiuona unaelea ukielekea mlango wa wodi, tazama kwanza kama kuna mtu ameziba upande mmoja wa ujia kwa turubai ili apate stoo ya magodoro.